Kibali Kikishamfikia Mwombaji

Kampuni ya Kirland Investments ilikuwa imeiomba idara ya afya ya jimbo la Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kibali cha kuanzisha hospitali za binafsi. Kamati ya ushauri ilipendekeza maombi yakataliwe, na mtendaji mkuu wa idara akakubaliana nayo. Uamuzi wa kukataa ukawekwa ndani ya jalada, lakini barua ya kuijulisha kampuni haikutumwa. Kabla haijatoka, mtendaji mkuu akaenda likizo ya ugonjwa na mtu mwingine akakaimu nafasi yake.

Waziri wa afya wa jimbo akamweleza huyo kaimu kwamba kuna shinikizo la kisiasa, akamwelekeza aikubalie kampuni. Kaimu akatii. Oktoba 2007 alisaini kibali, na barua ikaifikia kampuni. Mwenye kiti aliporudi kazini alikuta alichokikataa kimekubaliwa. Juni 2008 akaiandikia kampuni barua: kibali kimefutwa.

Wengi wetu tungemuunga mkono. Yeye ndiye bosi wa idara, uamuzi wa kwanza ulikuwa wake, na kibali kilitolewa kwa amri ya mwanasiasa badala ya akili ya afisa aliyepewa kazi hiyo na sheria. Hata hivyo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika hukumu ya Machi 2014 ambayo Jaji Edwin Cameron aliiandika kwa niaba ya majaji wengi, ilisema barua yake ya kufuta haikuwa na nguvu yoyote.

Kanuni iliyomkwamisha wanasheria huiita kwa Kilatini funktusi ofisio. Afisa au chombo kilichopewa na sheria kazi ya kuamua jambo hutumia mamlaka hayo mara moja. Akishaamua kwa namna ya mwisho na kumjulisha mhusika, kazi yake juu ya jambo hilo imekwisha. Anabaki na ofisi yake, mhuri wake na majalada mengine yote, ila katika jambo lile hana tena mamlaka ya kurudia. Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kanuni hii mwaka 2013 katika shauri la kupinga matokeo ya urais, kwa hiyo si ugeni wa huko kusini peke yake.

Lakini mbona kaimu aliweza kuupindua uamuzi wa bosi wake, na bosi akashindwa kuupindua wa kaimu? Tofauti ni barua. Uamuzi wa kukataa ulikuwa bado ndani ya ofisi. Mwombaji hakuambiwa, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kukitegemea wala cha kukikatia rufaa, na idara ilikuwa huru kubadili mawazo. Uamuzi wa kukubali ulikwisha kutoka nje. Ndiyo maana maneno ya karani kwamba “jalada lako limeshapita” hayampi mtu haki yoyote, hata kama karani amesema kweli, na hata kama saini tayari iko kwenye dokezo.

Sehemu ngumu zaidi ya hukumu ile ni kwamba kibali kilikuwa na kasoro kubwa, na majaji walilijua hilo. Hawakukisafisha. Walisema kwamba uamuzi wenye kasoro unaendelea kuwa na nguvu mpaka mahakama iutengue katika shauri lililofunguliwa ipasavyo, ambamo aliyenufaika nao naye anasikilizwa. Idara haikufungua shauri la namna hiyo. Ilijitengulia yenyewe kwa barua, na kampuni ilipoishtaki ndipo ikataka kujitetea kwa ubaya wa kibali chake yenyewe. Baadhi ya majaji hawakukubali. Waliona vigumu kukiacha hai kibali kilichopatikana kwa njia batili. Hoja yao ina uzito, lakini nadhani waliokuwa wengi walikuwa sahihi. Kama kila ofisi ingeruhusiwa kufuta inachokiona kina kasoro, kibali cha biashara kingedumu hadi uhamisho ujao wa afisa, kwa sababu kasoro huonekana upesi sana mwenye kiti anapobadilika.

Kanuni hii haifungi kila uamuzi. Mwaka 1952, Uingereza, Jaji Vaisey aliamua shauri la nyumba ya Twickenham iliyoharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili. Tume ya fidia ilikuwa na makundi mawili: nyumba iliyoharibika kabisa ililipiwa thamani yake, na isiyoharibika kabisa ililipiwa gharama za matengenezo. Kwa mwenye nyumba huyu, kundi la pili lilikuwa na faida zaidi. Tume ikamwandikia kwamba yumo humo, halafu ikabadilika na kumrudisha kundi la kwanza. Jaji alikataa mabadiliko hayo. Tume ilikuwa imeamua haki ambayo sheria yenyewe ilikwisha kuitoa, ikamjulisha mhusika bila kusema uamuzi ni wa muda, na sheria haikuipa mamlaka ya kuubadili bila ridhaa yake.

Miaka kama 30 baadaye, huko Kent, mzazi mmoja alishindwa. Halmashauri ilikubali kumlipia mwanawe nauli ya shule ikiamini umbali unazidi maili tatu, yaani karibu kilomita tano. Ilipopima upya ikakuta haufiki, ikaacha kulipa. Mahakama ya Rufani iliiruhusu, kwa kuwa chini ya umbali huo mtoto hakuwa na haki ya kulipiwa. Malipo yalitegemea hiari ya halmashauri, na hiari inayoendelea mwezi hadi mwezi inaweza kutazamwa upya. Mpaka kati ya kesi hizi mbili ni mwembamba, na mawakili wamegombana juu yake tangu wakati huo.

Yako mambo mengine ambayo kanuni haiyazuii. Kosa la kuandika au la hesabu husahihishwa: jina lililokosewa, tarakimu iliyoruka. Uamuzi uliosema wazi kwamba ni wa muda, au unasubiri uhakiki, haujafika mwisho. Pia sheria yenyewe inaweza kumpa mtu mamlaka ya kufuta, ila hapo ni lazima kuangalia imempa nani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kufuta haki ya kumiliki ardhi ni kazi ya Rais, kwa sababu nzuri na baada ya mmiliki kupewa notisi. Afisa ardhi aliyeandaa hati hana uwezo wa kuifuta kwa barua yake, hata akiwa na hakika kwamba ilitolewa kimakosa.

Kwa hiyo ukipokea barua ya “kutengua” uamuzi uliokwisha kupewa, tafuta ndani yake kifungu cha sheria. Barua nyingi za aina hii hutaja “maelekezo kutoka juu” au “mapitio ya ndani”, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa afisa mamlaka ya pili. Uliza kwa maandishi ni kifungu kipi kinachotumika, na utunze barua ya kwanza pamoja na bahasha yake au kumbukumbu nyingine ya siku uliyoipokea. Usikae sana: kwa Tanzania, anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma anatakiwa kwanza kuomba kibali cha kufungua shauri hilo ndani ya miezi sita, na muda huo huhesabiwa tangu uamuzi unaolalamikiwa, siyo tangu ofisi itakapokujibu barua yako.