Kupima Sehemu ya Maadili katika Pendekezo la Utafiti

Mapendekezo mengi ya utafiti huahidi kwamba majina ya washiriki yatafichwa, nao watatia sahihi kwenye hati ya ridhaa. Anayeyapima hana budi kuuliza kama ahadi hizo mbili hazipingani. Mfano ni mtafiti anayetaka kuwahoji watu 12 wa chimbo moja karibu na Kolwezi kuhusu fedha wanazotozwa na walinzi. Majina yakiisha kuondolewa katika mahojiano, hati yenye sahihi ndiyo karatasi ya pekee inayoonyesha nani alizungumza. Ikikamatwa njiani, siri imekwisha. Hapo ridhaa ya mdomo, mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mshiriki mwenyewe, na kuandikwa kwa namba tu, humlinda zaidi. Lakini namba nayo haitoshi: akitajwa mjane anayeosha madini, na chimboni mjane ni mmoja, wote watamtambua. Tena, mkuu wa chimbo akiwa ndiye anayewateua wa kuhojiwa, ridhaa yao si huru, kwani ni vigumu kumkatalia. Pendekezo lisilojibu maswali hayo lafaa kurudishwa kabla mtafiti hajafunga safari.