Faini ya Kuvunja Mkataba: Hesabu Yake Inatoka Wapi?

Tuseme duka la vifaa vya umeme linahama kutoka Sinza kwenda Mbezi. Mwenye duka anapiga simu kwenye kampuni inayomuuzia intaneti ya faiba kuomba akatiwe huduma, naye anajibiwa kuwa kwanza alipe shilingi 1,500,000. Mkataba wake ni wa miezi 24, kila mwezi hulipa 150,000, na imebaki miezi 10. Kampuni imezidisha mara moja tu, ikamaliza kazi.

Hiyo ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayomwumiza mteja zaidi. Mikataba mingine hudai nusu ya miezi iliyobaki, ambayo hapa ingekuwa 750,000. Mingine huweka kiasi kimoja kisichobadilika, awe mteja ameondoka mwezi wa pili au wa ishirini na mbili. Ipo pia inayopunguza deni kadiri muda unavyokwenda, japo upungufu huo unaweza kuwa wa jina tu. Novemba 2009, kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani ilipandisha faini kwa wateja wa simu janja hadi dola 350, ikipungua dola 10 kila mwezi. Aliyevunja mkataba wa miaka miwili baada ya miezi 23 bado alidaiwa dola 120, na mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliitaka kampuni ijieleze.

Kampuni haidai bure, lazima tukubali. Ilivuta waya hadi dukani, ikaleta ruta, ikamlipa fundi na wakala aliyemleta mteja, kisha ikatangaza kuwa kuungwa ni bure. Tuseme gharama hizo zilikuwa 600,000. Zikigawanywa kwa miezi 24, kila mwezi unabeba 25,000, kwa hiyo kwa miezi 10 iliyobaki kampuni haijarudisha 250,000. Juu yake kuna faida iliyotarajia kuipata. Lakini mteja akishaondoka, kampuni haimhudumii tena, na ruta ikirudi ikiwa nzima inafungwa kwa mteja mwingine. Hapo ndipo ilipo nafasi ya mazungumzo: kati ya 250,000 na 1,500,000.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inalitambua jambo hili. Kifungu cha 74 kinasema kuwa mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, tarakimu iliyoandikwa ni dari. Mahakama inaweza kushuka chini yake. Kifungu cha 73 nacho kinataka njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza hasara yake ziangaliwe. Angalizo moja: baadhi ya mikataba haisemi "kuvunja" hata kidogo, bali inampa mteja haki ya kuondoka mapema kwa bei fulani. Kwa mkataba wa namna hiyo, hoja ya kifungu cha 74 inakuwa ngumu zaidi.

Mahakamani si mahali pa kuanzia, hasa kwa deni la ukubwa huu. Barua inatosha. Iandikwe kabla ya kuacha kulipa, kwa sababu anayenyamaza na kuacha ankara zirundikane hujipotezea hoja na kuongeza deni. Barua hiyo iombe mchanganuo: gharama za kuunga ni kiasi gani, zimesharudi kiasi gani, na ruta ikirudishwa itapunguza nini. Msomaji aangalie pia kama mwezi wa notisi umehesabiwa mara mbili, mara moja kama notisi na mara ya pili ndani ya miezi iliyobaki. Kosa hilo peke yake, kwa duka letu, ni 150,000.

Baada ya hapo mteja atoe pendekezo lenye faida kwa kampuni pia. Mwenye duka anaweza kuomba huduma ihamishiwe Mbezi na mkataba uendelee, au mpangaji mpya wa Sinza aurithi. Kampuni nyingi hupendelea kubaki na mteja kuliko kufukuzia deni. Kama anaondoka kwa sababu intaneti ilikuwa inakatika, hoja inabadilika kabisa, maana huenda kampuni ndiyo iliyovunja mkataba kwanza. Lakini atahitaji namba za malalamiko na tarehe zake. Wakishindwana, malalamiko ya huduma za mawasiliano yanaweza kupelekwa TCRA, ila kwanza kampuni yenyewe iwe imepewa nafasi ya kuyashughulikia.

Tuseme wamekubaliana 400,000 na ruta irudi. Mwenye duka asilipe kwa neno la mhudumu wa simu. Asubiri barua inayotaja kiasi hicho na kusema kuwa akikilipa hadaiwi chochote tena, na siku ya kurudisha ruta adai stakabadhi yenye namba yake ya utambulisho.