Petroli ndani ya esanse na mazutu: moteri moja inalia, nyingine inanyamaza

Katika vikundi vyetu kuna mashini za kusaga, kuna jenereta, na wengi wetu tuna mume au mtoto anayetafuta chakula cha nyumba juu ya pikipiki. Vyote hivyo vinakunywa esanse au mazutu, na mara nyingi tunanunua kando ya barabara, kwa bidoni au kwa chupa, kwa wale vijana wanaoitwa kadafi. Wengi wao ni watu wa haki. Lakini mafuta yanapita mikono mingi kabla ya kufika kwao. Mengi ya huku mashariki yanashushwa melini Mombasa au Dar es Salaam, yanapanda malori, yanavuka mipaka, yanalala depo, ndipo yanagawanywa kwa bidoni. Popote katika njia hiyo mtu anaweza kuongeza petroli ya taa, hasa pale bei yake inapokuwa chini.

Tuelewane kwanza kwa majina. Kwetu petroli ni ile ya taa na ya resho. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita mafuta ya taa, na wao wakisema petroli wanataka kusema esanse yetu.

Mchezo huu unaendeshwa na bei. Nchini Kenya petroli ya taa iliuzwa kwa bei ya chini kwa miaka mingi ili kuwasaidia maskini, na wachanganyaji wakafaidika. Mwaka 2018 serikali ya huko ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya petroli, ili bei yake ikaribie ile ya mazutu na faida ya kuchanganya iishe. Tanzania ilikuwa imepandisha kodi ya petroli kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2011. Aliyeumia zaidi ni mama anayepikia petroli, maana yeye hakuchanganya kitu na bado alilipa.

Esanse yenye petroli: moteri inalia

Moteri ya pikipiki, na ya jenereta ndogo, inataka mafuta yanayogeuka mvuke upesi. Esanse inafanya hivyo hata asubuhi ya baridi. Petroli ni nzito zaidi, inataka joto kubwa ndipo igeuke mvuke. Moteri ikiwa baridi, sehemu ya ile petroli inabaki matone. Matone hayo hayaungui vizuri. Mengine yanatoka na moshi, mengine yanateremka kwenye kuta za silinda, yanaosha mafuta ya kulainisha na kuingia chini kwenye mafuta ya moteri.

Kuna shida ya pili. Ndani ya silinda, esanse inapaswa kungoja cheche ya buji ndipo iwake. Petroli haina uvumilivu huo. Ikibanwa na kupata joto, sehemu yake inawaka yenyewe, na moteri inatoa sauti ya kugonga, kama vijiwe vidogo vinavyotikiswa ndani ya kopo. Sauti hiyo inasikika zaidi pikipiki inapopanda mlima na mzigo. Ikiendelea siku nyingi, inachoma uso wa pistoni na kuvunja segma.

Kwa hiyo dalili ziko nyingi na zinakuja mapema: pikipiki ni ngumu kuwaka asubuhi, moshi unanuka kama taa iliyozimwa sasa hivi na unachoma macho, buji inatoka nyeusi yenye masizi, moteri inagonga kwenye mlima. Halafu vuteni kile kijiti cha kupimia mafuta ya moteri. Kama kiasi kimepanda na hakuna aliyeongeza, au kikinuka petroli, mafuta hayo yamekwisha kuwa mepesi na hayalindi tena moteri. Fanyeni vidanje kabla ya kuendelea na kazi.

Moshi huo una masizi na gesi nyingi zisizoungua vizuri. Pamoja nazo iko ile gesi ya sumu isiyo na harufu, ambayo hata esanse safi inaitoa. Jenereta haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba, wala kwenye baraza chini ya dirisha la chumba cha watoto, hata kama mafuta yake ni mazuri kabisa.

Mazutu yenye petroli: moteri inanyamaza

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Tunadhani mashini ya kusaga ikinywa mazutu mabaya itatoa moshi mweusi na tutajua. Petroli na mazutu ni kama mtu na ndugu yake mdogo. Moteri ya mazutu haina buji, inawasha mafuta kwa kuyabana tu, na petroli inakubali kuwaka hivyo. Katika nchi za baridi kali watu wanaongeza petroli kidogo katika mazutu kwa makusudi, ili yasigande. Kwa hiyo mashini itawaka, itasaga, na moshi wake unaweza hata kuwa mwepesi kuliko jana. Moshi mweusi kwenye mashini ya kusaga mara nyingi unatoka kwenye filtri ya hewa iliyojaa unga, injekteri chafu, au mzigo mkubwa kupita kiasi. Tusimshitaki muuzaji kwa sababu ya moshi mweusi peke yake.

Basi madhara yako wapi? Yako ndani ya pompi inayosukuma mazutu kwenye injekteri. Pompi hiyo haina mafuta yake ya kulainisha, inalainishwa na mazutu yenyewe yanayopita ndani. Kijiti chake cha chuma kinapanda na kushuka ndani ya tundu, na nafasi kati yao ni ndogo sana, mara nyingi kuliko unene wa unywele. Mazutu yana unono wa kuzuia chuma kisile chuma. Petroli ni nyembamba na kavu. Kila saa ya kazi inakwangua kidogo.

Baada ya wiki au miezi, kulingana na kiasi kilichochanganywa, nafasi ile inapanuka. Dalili ya kwanza inashangaza: mashini inawaka vizuri asubuhi, lakini mkiizima saa sita ikiwa moto, kuiwasha tena ni taabu. Sababu ni kwamba mafuta yakipata joto yanazidi kuwa membamba, yanavuja ndani ya pompi iliyochakaa badala ya kwenda kwenye injekteri. Baadaye nguvu inapungua kwenye kazi nzito, na mwisho fundi anasema pompi imekufa.

Kuna jambo jingine linalohusu moshi. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kipimo cha salfa katika mazutu kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Petroli ya taa inaruhusiwa kuwa na salfa nyingi zaidi. Tuseme petroli fulani ina sehemu 1000. Ukiweka lita 5 zake kwenye lita 15 za mazutu yenye 50, bidoni nzima inakuwa na karibu 290. Moshi hautabadilika rangi, lakini utakuwa mkali zaidi kwa kifua cha mama anayesimama pale akingoja unga wake.

Kipimo kipi kinasema ukweli?

Tuchukue bidoni hiyo hiyo ya lita 20. Wengine wanashauri kuipima kwenye mizani. Mazutu safi ya kawaida yana uzito wa gramu 840 hivi kwa lita, basi lita 20 ni kilo 16.8. Petroli ina gramu 800 hivi. Robo yake ikiwa petroli, bidoni inakuwa kilo 16.6. Tofauti ni gramu 200 tu. Joto la mchana peke yake, likipanda digri 10, linaondoa karibu gramu 140. Na bidoni mbili za plastiki hazijai sawasawa kabisa. Mizani ya sokoni haiwezi kumhukumu mtu hapo.

Kwa esanse kipimo kiko, na ni rahisi. Nendeni nje, mbali na mbabula, sigara na jiko lolote. Angusheni tone moja la esanse kwenye karatasi nyeupe safi, na pembeni yake tone la esanse mnayoiamini. Esanse safi inakauka kwa dakika chache na haiachi kitu, au inaacha alama hafifu tu. Yenye petroli nyingi inaacha doa la mafuta linalokaa muda mrefu. Kama petroli ni kidogo sana, doa linaweza lisionekane. Kwa mazutu kipimo hiki hakifai, kwa sababu mazutu safi nayo inaacha doa. Ukweli wa mazutu unapatikana kwenye maabara.

Kwa hiyo kikundi chenye mashini ya mazutu kinajilinda kwa namna nyingine. Nunueni kwa muuzaji mmoja anayejulikana, na kila bidoni mpya ikifika, wekeni nusu lita kwenye chupa ya kioo safi, ifungwe, iandikwe tarehe na jina la muuzaji, ihifadhiwe mahali penye kivuli mbali na watoto. Katika kaieye ya mashini andikeni saa za kazi, na siku yoyote mashini ilipokataa kuwaka ikiwa moto. Pompi ikiharibika, mtakuwa na kitu cha kuonyesha badala ya kugombana kwa maneno. Na mkishuku bidoni fulani, msiimalize kwa sababu imelipiwa. Toeni yaliyo ndani ya tangi, wekeni mengine, badilisheni filtri.

Bidoni moja, hatari mbili

La mwisho linahusu jikoni. Mahali petroli inapotiwa kwenye esanse, bidoni na mipira ya kunyonyea ni ile ile. Mabaki ya esanse yanarudi kwenye petroli ya taa, na hapo shida si moteri tena. Petroli safi haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ifike joto la digri 38 au zaidi. Esanse inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu. Esanse kidogo tu ndani ya petroli inatosha kufanya taa au resho kulipuka mkononi.

Basi kile kilichotolewa kwenye tangi la pikipiki au la mashini kisirudi nyumbani kuwashia taa, hata kikinuka petroli tupu. Bidoni ya petroli ya nyumba iwe na rangi yake, isiazimwe na motari, na isipelekwe kununulia esanse hata siku moja.