Mabano hayajui ni nani kabeba ndoo

Mchoraji anaandaa kitabu cha hadithi cha darasa la pili. Anataka picha ya mama aliyejifunga kanga nyekundu, kabeba ndoo ya bluu kichwani, yuko kisimani alfajiri. Anafungua programu ya akili mnemba inayoendesha Stable Diffusion 1.5 kwenye kompyuta yake na kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu modeli hiyo ilifundishwa hasa kwa maelezo ya Kiingereza:

```
woman in red kanga, blue bucket on head, village well, dawn
```

Picha inatoka nzuri, ila ndoo ni nyekundu. Anachofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wengi: anaizungushia ndoo mabano na kuipa uzito.

```
woman in red kanga, (blue bucket:1.4) on head, village well, dawn
```

Sasa bluu imekuja kwa fujo. Imeingia kwenye nguo, imepanda mpaka kwenye ukuta wa kisima, na pembeni imezuka ndoo ya pili ambayo hakuna aliyeiomba. Akipandisha mpaka 1.6, rangi zinaungua na uso wa mama unaharibika.

Ili kuona kosa liko wapi, lazima tujue mabano yanafanya nini hasa. Katika programu ya AUTOMATIC1111, inayotumiwa na watu wengi kuendesha Stable Diffusion, neno lililo ndani ya mabano ya mviringo linazidishwa kwa 1.1. Ukiweka mabano mawili, unazidisha mara mbili na kupata 1.21. Mabano ya mraba hugawanya kwa 1.1, yaani hupunguza nguvu ya neno. Ukitaka kiasi chako mwenyewe, unaandika nukta mbili na namba, kama hapo juu. Kinachozidishwa ni namba ambazo kisoma-maandishi cha modeli, kiitwacho CLIP, kimezitoa kwa kila kipande cha neno. Ni kama kuongeza sauti ya redio: maneno ni yale yale, yanasikika kwa nguvu zaidi.

Na hapo ndipo penye tatizo la ndoo. CLIP ilijifunza kulinganisha picha nzima na maelezo yake yote. Inajua vizuri kwamba ndani ya picha kuna mwanamke, kuna ndoo, kuna nyekundu na kuna bluu. Ni dhaifu katika kujua rangi ipi ni ya kitu gani. Ukiongeza uzito, unaongeza bluu na unaongeza ndoo, lakini hukugusa uhusiano wa vitu hivyo viwili.

Kosa la pili la mchoraji wetu liko kwenye neno `kanga`. Modeli imekutana na neno hilo mara chache mno kulinganisha na `dress` au `scarf`. Ukiandika `(kanga:1.4)` unalipa nguvu neno ambalo nyuma yake hakuna picha ya kueleweka, na utapata kitambaa chochote chenye maua. Modeli haifundishiki kwa mabano. Inabidi uieleze kanga kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kuiona: kitambaa chepesi cha pamba, kina pindo pana pande zote nne, kina ua kubwa katikati, kimefungwa kiunoni na kingine kimetandwa mabegani. Jina la kanga liache kabisa. Modeli za kizazi hicho haziwezi kuandika, na zitakupa herufi zisizosomeka. Liongeze baadaye kwenye programu ya usanifu.

Hata hivyo, mabano yana kazi yake, na kwa kazi hiyo sijaona kinachoyashinda. Yanafaa pale ambapo kitu tayari kipo kwenye picha, mahali pake, ila kiasi chake hakikuridhishi. Ukungu wa alfajiri upo lakini hauonekani vizuri: `(mist:1.2)`. Tabasamu limezidi mpaka linafanana na tangazo la dawa ya meno: `(smile:0.8)`. Hapa unapima kiasi, na namba ni lugha sahihi ya kiasi. Ni vigumu kuandika sentensi inayosema ongeza ukungu kidogo tu na modeli ikakuelewa kwa kipimo hicho.

Kuna utaratibu mmoja wa kufuata. Kwanza funga `Seed`, ile namba inayoanzisha picha. Ikibaki -1 kila picha huanza upya na hutajua kama mabadiliko yametokana na uzito au na bahati. Kisha badilisha neno moja tu, kwa hatua ya 0.1. Weka kishale kwenye neno, bonyeza Ctrl na mshale wa juu, na programu itaandika mabano yenyewe. Mimi hubaki kati ya 0.7 na 1.3. Ukiona rangi zimekolea kupita kiasi, kitu kinajirudia au mikono na nyuso zinavunjika, umepita mpaka, rudi chini. Na kama kufikia 1.3 hakuna kilichobadilika, acha kupanda. Tatizo lako si la nguvu.

Tahadhari kubwa ni hii: namba hizo hazihami na wewe. AUTOMATIC1111 ikishazidisha, husawazisha wastani wa maelezo yote, kwa hiyo kupandisha neno moja huyashusha mengine kidogo. ComfyUI haifanyi hivyo, na uzito ule ule huuma zaidi. Midjourney inatumia nukta mbili mara mbili, `::`, kugawa maelezo katika sehemu na kuipa kila sehemu uzito wake. Mtu anayenakili maelezo ya mwenzake bila kujua yalitoka programu gani amenakili nusu tu.

Halafu kuna modeli ambazo mabano hayana maana ya kutegemewa. Flux, iliyotolewa Agosti 2024, inasoma maelezo kwa kutumia T5 pamoja na CLIP. T5 ni modeli ya lugha, imelelewa kwa sentensi kamili, na inafuata nani kafanya nini na kipi ni cha nani. Huko mchoraji wetu angeandika tu:

```
A woman stands beside a village well at dawn. She wears a red
cotton wrap with a wide border. On her head she carries a blue
plastic bucket.
```

Kila rangi imekaa ndani ya sentensi ya kitu chake, na uwezekano wa ndoo kutoka ya bluu ni mkubwa zaidi kuliko kwa mabano yoyote. Ila hata sentensi ina udhaifu wake kwenye kukanusha. Ukiandika `no people`, umetaja watu, na watu wanaweza kuja. Stable Diffusion ina kisanduku cha `Negative prompt` kwa ajili hiyo. Pasipo kisanduku hicho, taja kilichopo: `an empty beach`.

Aliyebaki na modeli ya zamani, kwa sababu kompyuta yake haiwezi kubeba Flux, asipoteze jioni nzima akibadilisha namba. Achague picha ambayo mama na kisima vimekaa vizuri, aipeleke kwenye `Inpaint`, apake brashi juu ya ndoo peke yake, aandike `blue plastic bucket` na kuchora upya sehemu hiyo. Nyekundu haitajwi tena kwenye maelezo, na rangi haina pa kuvujia.

Na ukimtumia mwenzako maelezo yako, mwandikie pia jina la modeli, programu na `Seed`. AUTOMATIC1111 huyahifadhi ndani ya faili la PNG na husomeka kwenye `PNG Info`, lakini picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na taarifa hizo hupotea. Itume kama dokumenti.