Beki akipanda, winga aende wapi?

Arjen Robben alipojiunga na Bayern Munich mwaka 2009, haikuchukua muda mabeki wa Ujerumani kujua atakachofanya. Atapokea mpira winga ya kulia, ataukokota kuingia ndani, kisha atapiga kwa mguu wa kushoto. Walijua, na bado aliwafunga. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa nyuma yake, kwa namba mbili Philipp Lahm.

Robben yuko uso kwa uso na beki wa kushoto wa wapinzani. Lahm anakuja kwa kasi, anamzunguka kwa nje kando ya mstari. Sasa yule beki ana watu wawili. Akisogea hata hatua moja kumfuata Lahm, Robben anapata njia ya ndani. Akibaki kuziba ndani, Lahm anapewa mpira na kupiga krosi bila bughudha. Mara nyingi Lahm hakupewa, akarudi nyuma mikono mitupu, lakini mbio zake zilikuwa zimeshamhamisha beki. Kwangu mimi, hakuna kazi uwanjani inayostahili makofi zaidi na kuyapata kidogo hivyo.

Ndiyo maana winga mzuri huamua kwa kumtazama anayemkaba: uzito wake umeegemea mguu gani, na je, kiungo amekuja kumsaidia? Beki akiwa peke yake na ameanza kugeukia nje, ingia ndani. Kiungo akiwa ameshaziba ndani, kukokota mpira kuelekea kwake ni kumkabidhi. Hapo mpe beki wako anayepita nje.

Bukayo Saka wa Arsenal, naye mguu wa kushoto akicheza kulia, hukabwa na wawili karibu kila mechi. Msimu wa 2023/24, wakati mwingine Ben White alimzunguka kwa nje kama Lahm. Lakini Saka akiwa amebaki kwenye mstari, beki wa kushoto alilazimika kumfuata huko, na nafasi ilifunguka kati yake na beki wa kati. White alipenya hapo, kwa ndani. Kiungo aliyekuja kusaidia hakuwa na budi kumfuata White au kumwacha afike karibu na goli. Alipomfuata, Saka alibaki na mtu mmoja.

Mambo huharibika wote wawili wanapokimbilia njia moja. Winga akiingia ndani na beki naye akapita ndani, kila mmoja anamletea mwenzake mkabaji. Wakati nao ni muhimu: beki akiondoka mapema mno, anafika mbele kabla winga hajautuliza mpira, na huenda akawa ameotea. Mpira ukipotea hapo, upande wake wote uko wazi kwa shambulizi la kushtukiza. Kwa hiyo kabla beki hajapanda, mtazame kiungo wa upande ule: akiwa amebaki nyuma kulinda pengo, beki ana ruhusa ya kwenda.