Njia ya Kruskal ya Kupata Mti Mwepesi Kabisa wa Grafu

Zoezi ambalo wanafunzi hupewa mara kwa mara katika somo la grafu ni kama hili. Kuna majengo sita, A hadi F, yanayotakiwa kuunganishwa kwa nyaya za umeme. Gharama ya kila waya unaowezekana imetolewa: AB 2, CD 3, AC 4, BD 5, DE 6, CE 7, EF 8 na DF 9. Zitafutwe nyaya zitakazoyafikia majengo yote kwa jumla ndogo kabisa. Swali hili halikuzaliwa darasani: mwaka 1926 Otakar Borůvka alilishughulikia kwa ajili ya kusambaza umeme huko Moravia.

Jawabu lazima liwe mti, yaani grafu iliyoungana isiyo na mzunguko. Kwani penye mzunguko, waya mmoja waweza kuondolewa bila jengo lolote kutengwa. Vipeo vikiwa sita, mistari ya mti itakuwa mitano, wala si zaidi.

Njia aliyoichapisha Joseph Kruskal mwaka 1956 ni nyepesi kueleza. Mistari hupangwa kuanzia ule wenye uzito mdogo, kisha huchunguzwa mmoja mmoja; unaounganisha makundi mawili yaliyokuwa mbalimbali hukubaliwa, na ule ambao ncha zake zimo tayari katika kundi moja hukataliwa. Pupa hii haileti hasara. Tuseme mti fulani umeuacha mstari uliokubaliwa: lazima utoke katika kundi lile kwa mstari mwingine, ambao hauwezi kuwa mwepesi zaidi, maana miepesi yote imekwisha kuchunguzwa. Hivyo mistari hiyo miwili yaweza kubadilishana nafasi bila jumla kuongezeka.

Ugumu umo katika kujua upesi kama vipeo viwili ni vya kundi moja. Hapo ndipo muundo wa koo unapotumika. Kila kipeo huelekeza kwa kipeo kingine, na anayejielekeza mwenyewe ndiye mkuu wa ukoo. Vitabu vingi humwita anayeelekezwa “mzazi”, neno lisilotosheleza sana, kwa kuwa mzazi hapa aweza kubadilishwa. Mwanzoni kila kipeo ni mkuu wa ukoo wake.

```
def tafuta(x):
    while mkuu[x] != x:
        x = mkuu[x]
    return x

def unganisha(u, v):
    a, b = tafuta(u), tafuta(v)
    if a == b:
        return False
    mkuu[a] = b
    return True
```

Turudie majengo yetu. AB yakubaliwa, na A yaelekeza kwa B. CD yakubaliwa, na C yaelekeza kwa D. Unapofika AC, mkuu wa A ni B, na mkuu wa C ni D. Ni koo mbili, basi B yaelekezwa kwa D. Sasa BD: zote mbili zina mkuu D, kwa hiyo mstari wakataliwa. DE yakubaliwa, CE yakataliwa, EF yakubaliwa. Mistari mitano imetimia, jumla ni 23, na DF haina haja ya kuchunguzwa.

Kosa linaloonekana sana katika kazi za wanafunzi ni kuandika `mkuu[u] = v` badala ya `mkuu[a] = b`, yaani kuunganisha vipeo vyenyewe badala ya wakuu wao. Mistari miwili ya kwanza haionyeshi tofauti yoyote. Kwenye AC, hata hivyo, A yamwacha B na kumfuata C, na B yabaki peke yake kana kwamba haijaunganishwa. Kwa hiyo BD yakubaliwa, na mzunguko A, B, D, C wafungwa. Baada ya DE mistari imekuwa mitano, programu inasimama, na jumla inayotolewa ni 20. Idadi ni sahihi na jumla yapendeza kuliko ile ya haki, lakini F haina umeme! Kuhesabu mistari peke yake, basi, hakutoshi. Wahesabiwe pia wakuu waliobaki mwishoni: akiwa mmoja tu, majengo yote yameungana, hapa wamebaki wawili, E na F.

Hata hivyo wakuu wengi si dalili ya kosa daima. Grafu yenyewe ikiwa haijaungana, mistari itakwisha kabla ya kutimia, na kila sehemu itabaki na mti wake. Kadhalika, mistari miwili ikilingana uzito, wanafunzi wawili waweza kuleta miti tofauti yenye jumla ile ile, na wote wastahili alama kamili.

Kwa grafu kubwa, koo zaweza kurefuka kama mnyororo na kuichelewesha `tafuta`. Dawa yake ni kumweka mkuu wa ukoo mdogo chini ya yule wa ukoo mkubwa, na kuvielekeza moja kwa moja kwa mkuu vipeo vilivyopitwa njiani. Mwaka 1975 Robert Tarjan alionyesha kwamba kwa hatua hizo mbili pamoja kila ombi hugharimu, kwa wastani, karibu kiasi kisichobadilika. Kazi kubwa inayobaki ni ya kupanga mistari kwa uzito.