Usikate picha ya kotesheni chini ya jumla

Picha nyingi za kotesheni zinazoingia kwenye simu za wahasibu wa maduka ya vifaa vya ujenzi zina kasoro moja. Mpigaji analenga jedwali la bidhaa, anahakikisha jumla inasomeka, basi anapiga. Mistari mitatu au minne ya chini, palipoandikwa kotesheni inadumu siku ngapi, malipo yanafanyikaje na kama VAT imo ndani ya bei, inabaki nje ya picha au imefunikwa na muhuri. Mhasibu anatengeneza ankara kutokana na jedwali lile, na mistari iliyobaki anaijaza kwa mazoea ya duka. Hapo ndipo makubaliano ya muuzaji na mteja yanapobadilika bila mtu yeyote kukusudia.

Tuchukue kotesheni moja ya mfano, ya duka la Dar es Salaam, iliyoandikwa kwa mkono tarehe 3/6/2025. Ina vitu viwili tu: nondo za milimita 12, tani 2 kwa shilingi 2,300,000 kila tani, na tailizi za sentimita 60 kwa 60, mita za mraba 50 kwa shilingi 22,000 kila mita. Jumla 5,700,000, VAT haimo. Chini yake pameandikwa: bei inadumu siku 14, nusu ilipwe wakati wa kuagiza, nusu ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo.

Kwanza picha yenyewe. Laza karatasi mezani, pata mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni ili kivuli cha mkono wako kisiingie, na hakikisha kona zote nne zinaonekana. Geuza na upande wa nyuma. Masharti mengine huchapwa huko. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na nakala ya kaboni iliyofifia haivumilii kubanwa.

Maandishi yakishatolewa kwenye picha, iwe kwa Google Lens au kwa kipengele cha Excel kinachoitwa Data from Picture, tazama alama tunazozitumia huku kwetu. Ile `/=` tunayoweka mwisho wa bei husomwa mara nyingine kama tarakimu 1, kwa hiyo 22,000/= inageuka 22,0001. Alama ya `@` hugeuka sifuri. Kwenye mbao, 2"x4"x12' hupoteza alama za inchi na futi, zikabaki namba tatu zisizo na kipimo. Makosa ya aina hii hugundulika upesi: zidisha idadi kwa bei, linganisha na jumla ya mstari, kisha jumlisha mistari yote.

Lakini hesabu hiyo haiwezi kukuonyesha kosa la kipimo, na hilo ndilo linalokula mtaji. Rudi kwenye tailizi zetu. Stoo hawahesabu mita za mraba, wanahesabu maboksi. Karani akiandika "boksi 50 kwa 22,000", jumla inatoka 1,100,000 ileile ya kwenye kotesheni, kila kitu kinalingana na mhasibu anapitisha. Ila boksi moja la tailizi hizi, lenye vipande vinne, linafunika mita za mraba 1.44. Maboksi 50 ni mita 72. Duka limetoa mita 22 za bure, yaani shilingi 484,000, na hakuna namba hata moja kwenye ankara inayoonekana kuwa na kosa.

Kwa hiyo kwenye rasimu ya ankara, safu ya kipimo ijazwe kabla ya safu ya idadi, na ijazwe kama ilivyo kwenye kotesheni. Ubadilishaji uandikwe kando, kwenye maelezo ya bidhaa. Mita 50 ukigawa kwa 1.44 unapata maboksi 34.72, na kwa kuwa boksi halifunguliwi, yanakuwa 35, sawa na mita 50.4. Kwa bei ileile ya mita, boksi ni shilingi 31,680, na maboksi 35 ni 1,108,800. Imeongezeka 8,800. Ni ndogo, lakini oda ya mteja, ile LPO, inasema 1,100,000, na mhasibu wa upande wa pili ana haki ya kukataa kulipa zaidi ya hapo. Mpigie mteja kabla ya kutoa ankara, akubali maboksi 35 kwa maandishi, au duka libebe tofauti. Kuiingiza kimyakimya si sawa.

Nondo nazo zina mtego wake. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa mita, hivyo ya mita 12 ni kilo 10.656, na tani 2 ni vipande 188 hivi. Bei ya kipande ingekuwa shilingi 24,508 na senti kadhaa. Ukiifupisha kuwa 24,500 na kuzidisha kwa 188, unapata 4,606,000 badala ya 4,600,000. Ndiyo maana napendelea ankara ibaki na "tani 2 kwa 2,300,000", na maneno "vipande 188" yakae kwenye maelezo kwa ajili ya stoo. Tena hesabu hii ni ya nondo iliyotimia unene. Kama nondo ni nyepesi, vipande 188 havifiki tani 2, na hapo dawa ni mizani.

Sasa tarehe. Simu au kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani itasoma 3/6/2025 kuwa tarehe 6 Machi, na kotesheni itaonekana imekufa tangu tarehe 20 mwezi huohuo. Iandike kwa namna isiyo na utata:

```
=DATE(2025,6,3)+14
```

Jibu ni 17 Juni 2025. Tarehe hiyo ni mwisho wa mteja kukubali bei. Siyo tarehe ya mwisho ya kulipa, ingawa nimeona wengi wakiihamishia kwenye nafasi ya kulipia kwa sababu ndiyo tarehe pekee ya mbele waliyoikuta kwenye karatasi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inaeleza kuwa pendekezo hukoma muda uliotajwa wa kulikubali ukipita. Mteja wetu alileta LPO tarehe 16 Juni, siku moja kabla. Bei yake imesimama, hata kama mzigo ulifika tarehe 23 na nondo zilikuwa zimepanda wiki hiyo. Siku 30 za salio zinahesabiwa kutoka tarehe 23 Juni, siku mzigo ulipopokewa, kwa hiyo mwisho ni 23 Julai. Rasimu iwe na namba na tarehe ya kotesheni, mwisho wa bei, tarehe ya LPO na tarehe ya mzigo. Bila hizo nne hakuna anayeweza kuthibitisha kwa nini bei ya Juni mwanzoni inadaiwa Julai.

Kwa maboksi 35 yaliyokubaliwa, jumla ni 5,708,800. VAT ya asilimia 18 ni 1,027,584, na yote 6,736,384. Malipo ya awali yaliyokwisha kuingia yaonyeshwe yakitolewa, ili mteja aone salio lake. Na hii bado ni rasimu: wajibu wa kutoa risiti ya EFD uko palepale.

Ukiletewa picha iliyokatwa chini ya jumla, usianze kuandika. Omba nyingine yenye kona zote nne.